Kubandua Wigi Bila Kung'oa Nywele za Mbele

Hoja ninayoileta mbele ya wakufunzi, wasusi na wanaojifunza kazi hii ni moja. Mtu anapolalamika kwamba gundi ya wigi imemmaliza nywele za mbele, mara nyingi anachokilaumu ni siku ya kubandika, ilhali madhara yalitokea siku ya kubandua. Na yalitokea kwa sababu mkono ulitangulia kufanya kazi ambayo ni ya kiyeyushi na muda. Nitajaribu kuonyesha kwamba jambo hili linatokana na tabia ya gundi yenyewe, wala si suala la msusi kuwa na mkono mwepesi au mzito. Tukiielewa tabia hiyo, tutajua pia kwa nini uamuzi wa namna ya kubandua ni lazima ufanyike kabla tone la kwanza la gundi halijagusa kipaji.

Tuanze na mahali penyewe. Nywele za ukingoni, hasa za kwenye panja na mbele ya masikio, ni nyembamba kuliko za utosini, na ndizo hupungua kwanza zinapovutwa mara kwa mara. Madaktari wa ngozi wana jina la upara unaotokana na kuvutwa, na wameuchunguza kwa kina hapa Afrika. Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cape Town, katika tafiti walizozifanya miaka ya 2000, waliukuta upara huu wa pembezoni kwa takriban asilimia 17 ya wasichana wa shule waliowachunguza, na takriban asilimia 32 ya wanawake watu wazima. Chanzo kikuu hapo kilikuwa misuko ya kukaza, tena juu ya nywele zilizotiwa dawa, na si gundi. Lakini funzo lake linatuhusu moja kwa moja: mizizi ya ukingoni hudhurika kwa mvuto unaorudiwarudiwa. Upara huo ukiwahiwa, nywele hurudi. Ukiachwa miaka, ngozi hubaki laini yenye kung'aa na mizizi haipo tena. Mtu anayebandika leisi kila baada ya wiki mbili na kuivuta kwa nguvu hurudia mvuto huo zaidi ya mara ishirini kwa mwaka, mahali palepale.

Sasa tuitazame gundi. Gundi nyingi za wigi, pamoja na ile iliyo kwenye tepu za nywele, hazikauki zikawa ngumu kama saruji. Hubaki kitu laini kinachonata, kinachotiririka polepole mno kiasi kwamba jicho halioni. Ulaini huo ndio unaoiwezesha gundi kuingia katika mikunjo midogo ya ngozi na kuushika uzi wa leisi, na ndio pia unaoamua kitakachotokea tunapoivuta. Kitu cha namna hii, kikivutwa polepole, hunyooka na kuachia. Kikivutwa ghafla, hujifanya kigumu na kushikilia kwa nguvu zaidi. Jambo hili linajulikana vyema kwa wanaotengeneza tepu: kadiri kasi ya kubandua inavyoongezeka, ndivyo nguvu inayohitajika inavyopanda. Basi ule ushauri wa kuvuta mara moja ili maumivu yaishe haraka ni kinyume cha tabia ya gundi. Wauguzi wanaobandua plasta kwa wagonjwa nao hufundishwa kinyume cha ushauri huo: polepole, plasta ikiwa imekunjwa juu yake yenyewe karibu na ngozi, na mkono wa pili ukiizuia ngozi isiinuke.

Kuna jambo la pili linalosahaulika. Tabaka la juu kabisa la ngozi ni seli zilizokwisha kufa, zilizopangana na kushikana ili kuzuia maji yasitoke na vijidudu visiingie. Watafiti wa ngozi wanapotaka kulipunguza tabaka hilo kwa makusudi, hubandika tepu na kuibandua mahali pamoja mara kadhaa. Kila ikibanduliwa huondoka na seli. Ndilo hilohilo linalotokea kipajini leisi inapovutwa. Wekundu, kuwaka na maji maji yanayoonekana baadaye si ishara kwamba gundi ilikuwa kali tu. Ni ishara kwamba kinga imechunwa. Ukibandika tena siku hiyohiyo, unatia kemikali juu ya ngozi isiyo na mlango.

Kama nguvu si njia, njia ni ipi? Ni kuifanya gundi ipoteze mshiko wake kabla ya kuivuta, na hapo hatuna budi kuzijua gundi zetu kwa jamaa zake. Jamaa ya kwanza ni akriliki ya maji: ile nyeupe kama maziwa inayogeuka kuwa angavu. Jamaa ya pili ni silikoni, ambayo haijali sana jasho wala mafuta ya ngozi, na kwa sababu hiyo hupendwa na watu wenye ngozi ya mafuta. Ya tatu ni gundi ya mpira wa asili, mara nyingi nyeusi, inayotumika kubandika nywele za vipande kwenye kofia. Ya nne si gundi hasa, bali ni jeli na dawa za kupuliza za kugandisha nywele, ambazo wengi huzitumia kuilaza leisi kwa siku moja. Kila jamaa ina kinachoiyeyusha. Jeli huyeyuka kwa maji ya uvuguvugu. Mpira hulegezwa na mafuta. Akriliki hulegezwa na spiriti ya isopropili, na mafuta ya maganda ya machungwa, na polepole zaidi na mafuta ya kawaida. Silikoni huhitaji kiyeyushi kilichotengenezwa kwa ajili ya silikoni; spiriti na mafuta ya nazi huipitia juu juu tu.

Watu wa pwani hawahitaji mwalimu wa kemia kuuelewa msingi wa jambo hili. Anayepasua fenesi hupaka mafuta kisu na mikono, kwa kuwa anajua utomvu wake hauondoki kwa maji hata akisugua hadi ngozi iume. Utomvu haushindwi na nguvu; hushindwa na kitu kinachoingiliana nao. Gundi ni vivyo hivyo, na kosa kubwa linaloanzia dukani ni kudhani kwamba gundi ya maji itatoka kwa maji. Maji katika akriliki nyeupe ni chombo cha kubebea tu. Yakishakauka, chembe ndogo za akriliki hushikamana na kuwa utando mmoja, na utando huo hauyarudii maji tena. Ukiumwagia maji ya moto utaona umekuwa mweupe na laini kidogo, utadhani umekubali, kisha utavuta. Na hapo ndipo nywele zinapoondoka.

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate hadi mwisho. Mteja ana wigi la leisi la mbele, kutoka sikio hadi sikio, lililobandikwa kwa akriliki ya maji wiki mbili zilizopita. Chini yake nywele zimesukwa mistari na kuvikwa kofia ya stokini. Upande wa kushoto, juu ya sikio, leisi imeanza kuinuka. Katikati ya kipaji bado imeshika. Kazi ya kwanza ni mazingira: nywele za wigi zifungwe nyuma, kitambaa kilichokunjwa kiwekwe juu ya nyusi ili kisiruhusu tone kuteremka machoni, kichwa kiegemezwe nyuma, dirisha lifunguliwe, na jiko la mkaa, mshumaa na pasi ya nywele viondolewe kabisa. Mvuke wa spiriti unaweza kushika moto hata kwenye joto la chini ya nyuzi 20, yaani chini ya joto la kawaida la vyumba vyetu, kwa hiyo hii si tahadhari ya kupamba karatasi.

Kisha anza pale palipoinuka. Kiyeyushi kitiwe kwa kijiti cha pamba au kwa kitoneshi, kidogo kidogo, kikifuata mstari wa gundi. Leisi ina vitundu, kwa hiyo kiyeyushi hupita kutoka juu na kuifikia gundi bila kuhitaji kuinua chochote. Loweka sehemu ya upana wa vidole vitatu tu, ungoje kama dakika tano, ongeza kikianza kukauka, halafu jaribu. Jaribio ni hili: gusa ukingo wa leisi kwa ncha ya kidole na uusukume nyuma taratibu. Ukiteleza, endelea. Ngozi ikiinuka pamoja na leisi, haijawa tayari. Ukiona nyuzi nyembamba za gundi zikinyooka kati ya ngozi na leisi, maana yake gundi imelegea lakini bado imeshika pande zote mbili. Tia kiyeyushi kwenye nyuzi hizo, usizikate kwa kuvuta. Leisi ikikubali, ikunje juu yake yenyewe kuelekea nyuma, ikiwa imelala karibu na ngozi, huku kidole cha mkono wa pili kikibonyeza ngozi mbele kidogo ya mahali inapoachia. Kuvuta kuelekea juu, mbali na ngozi, ndiko kunakoipa kila nywele mvuto wa moja kwa moja kutoka kwenye mzizi.

Penye gundi iliyogusa ngozi tupu, utaratibu huo unatosha. Penye gundi iliyoshika nywele, kama kwenye panja, leisi isivutwe hata kidogo. Ilowekwe mara ya pili na ya tatu hadi iachie yenyewe. Hapo ndipo inapoonekana kwamba kubandua huanza siku ya kubandika. Gundi iliyowekwa nusu sentimita mbele ya nywele, kwa tabaka jembamba moja moja, kila tabaka likiachwa kuwa angavu kabla ya jingine, itatoka kwa nusu saa. Gundi iliyomwagwa juu ya nywele zenyewe, tabaka nene ambalo ndani yake bado kuna weupe, haitatoka bila kuchukua kitu. Msusi wa siku ya pili hawezi kusahihisha kabisa alichokifanya msusi wa siku ya kwanza.

Wigi likishatoka, kazi haijaisha, kwa sababu mabaki ya gundi ndiyo yanayowafanya watu wakwangue kwa kucha na kung'oa nywele zilizosalia. Kwenye ngozi, paka mafuta mepesi na uzungushe kwa ncha za vidole hadi gundi ijikunje kuwa vijidonge, kisha uvifute kwa pamba, usivichune. Kwenye nywele, usipitishe kitana kikavu kamwe. Finya fungu dogo kati ya vidole vyenye kiyeyushi na mafuta, telezesha kutoka mizizini kwenda nchani, na kitana chembamba kije mwisho kabisa. Baada ya hapo osha kwa shampuu mara mbili: ya kwanza hubeba mafuta na kiyeyushi, ya pili hubeba kilichosalia. Ngozi na nywele zikishakauka, fanya ukaguzi. Bonyeza karatasi laini kwenye ukingo wa nywele. Ikinata, bado kuna gundi. Ukungu mweupe unaojitokeza kipajini mara maji yanapogusa ni dalili hiyohiyo. Leisi nayo ilazwe juu ya taulo, upande wa gundi ukitazama juu, ilowekwe kwa spiriti dakika chache na kusuguliwa polepole kwa mswaki laini. Ikibandikwa tena juu ya gundi ya zamani, itashika vibaya, na msusi atalazimika kuongeza gundi nyingine.

Tepu za nywele zina tofauti moja ya msingi. Hapa vipande viwili vya tepu hukutana na kulikamata katikati yao fungu jembamba la nywele za mteja, kwa hiyo gundi haipo karibu na nywele, ipo juu yake. Kiyeyushi hutiwa kwenye maungio, kutoka pembeni na juu, hungojwa dakika kadhaa, kisha vipande hutenganishwa kwa kufunguliwa, kimoja kikielekea kulia na kingine kushoto. Kuvivuta kwenda chini ni kuzivuta nywele zote za fungu lile kwa pamoja. Mabaki yaondolewe kwa kiyeyushi kabla ya maji, maana gundi iliyolegea ikikutana na maji na nywele kavu hufungana kuwa donge.

Hapo ndipo hujitokeza hofu ambayo ni lazima ijibiwe kwa haki. Mteja hutazama nywele zilizobaki kwenye tepu na kusema amenyonyolewa. Je, ni kweli? Binadamu hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku bila ugonjwa wowote. Tepu zikikaa wiki nane, kichwa kizima kimepoteza kati ya 2,800 na 5,600, na zile zilizokuwa ndani ya tepu hazikuwa na pa kuangukia. Wingi peke yake hauthibitishi kosa. Ushahidi uko kwenye ncha ya kila nywele. Nywele iliyokufa kwa wakati wake ina kinundu kidogo cheupe, kikavu. Nywele iliyong'olewa ikiwa hai ina mzizi mweusi zaidi, mara nyingi uliopinda, wenye ganda angavu linalonata. Nywele iliyokatika haina mzizi wowote. Msusi achukue nywele kumi, aziweke juu ya karatasi na kuzitazama pamoja na mteja. Zikiwa nyingi za aina ya kwanza, kazi ilikuwa safi. Zikiwa za aina ya pili au ya tatu, kazi ilikuwa na haraka, na lawama ni halali.

Kuna watakaosema: viyeyushi hivi ni kemikali, na kuviloweka kipajini nusu saa ni kubadilisha dhara moja kwa jingine. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake. Spiriti hukausha ngozi. Asetoni huikausha zaidi na haifai kipajini. Petroli na mafuta ya taa ni sumu kwa ngozi na hatari kwa nyumba nzima. Lakini jibu la hatari ya kiyeyushi ni kuchagua kinachofaa, kutumia kidogo, kuosha na kupaka mafuta baadaye. Ngozi iliyokauka hurudi baada ya siku chache. Mzizi ulioharibiwa kwa miaka haurudi. Ni kweli pia kwamba wapo ambao ngozi yao haiivumilii gundi yenyewe. Wenye mzio wa mpira wa asili hawatakiwi kabisa kuguswa na gundi yake, kwa maana mzio huo unaweza kufika hadi kubana pumzi, na wapo wenye mzio wa akriliki. Kipaji kikiwasha, kikivimba au kutoa malengelenge, ubanduaji mzuri hautatibu. Mtu aende kwa daktari, na gundi ile asiirudie.

Wengine watasema mafuta ya nazi yanatosha na hakuna haja ya kununua kiyeyushi. Kwa gundi ya mpira, na hata kwa akriliki, nakubali kwamba yanafanya kazi, na kwa ngozi kavu au yenye michubuko ni afadhali kuliko spiriti. Gharama yake ni muda: yanaingia polepole, huenda yakahitaji saa nzima, na yakibaki kwenye ngozi yataizuia gundi inayofuata isishike. Kwa silikoni hayafai, na anayeyang'ang'ania huko ataishia kuvuta. Kwa hiyo mafuta si makosa; makosa ni kuyatumia bila kujua gundi iliyopo ni ipi.

Pingamizi zito zaidi ni la msusi mwenyewe: mteja analipa kwa kubandikwa, halipi kwa kubanduliwa, na foleni inangoja. Hili haliwezi kujibiwa kwa kumhimiza msusi awe na moyo mwema. Linajibiwa kwa kubadilisha namna kazi inavyouzwa. Bei ya kubandika ijumuishe kubandua, itajwe hivyo tangu mwanzo, na mteja aambiwe tarehe ya kurudi. Kazi yenyewe ni ya nusu saa, na sehemu kubwa ya nusu saa hiyo ni kungoja. Msusi anaweza kuanza na mteja mwingine wakati kiyeyushi kinaingia. Asichoweza kufanya ni kuiruka.

Napendekeza mambo matatu yaingie katika saluni zetu na katika mitihani ya vyuo vyetu vya ufundi. Kwanza, gundi isifunguliwe saluni ambamo kiyeyushi chake hakipo rafuni. Pili, kila mteja awe na kadi inayoonyesha jina la gundi, tarehe, na mahali ilipowekwa, ili atakayebandua asikisie. Tatu, mwanafunzi asipewe alama za kubandika kabla hajabandua kazi yake mwenyewe baada ya wiki mbili, mbele ya mkufunzi, na kuziweka nywele zilizotoka juu ya karatasi zikaguliwe. Msusi aliyepita mtihani huo ataiweka gundi nusu sentimita mbele ya nywele bila kukumbushwa, kwa sababu anajua ni nani atakayeitoa.